Ahadi ni deni: Uhakiki wa tangazo la ‘mwili mpya’ kwa siku 30

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani alinitumia maandishi mafupi kwa simu akiniomba nimsahihishie Kiswahili. Siku hizi ni mkufunzi wa mazoezi katika mtaa mmoja hapa Nairobi, na alikuwa anajiandaa kurekodi video ya kutangaza mpango wake wa mwezi mmoja. Maandishi yenyewe yalisema hivi: “Pata mwili mpya kwa siku 30 tu! Yeyusha kitambi na upoteze hadi kilo 10 bila kujinyima chakula. Wateja wangu wamebadilika. Sasa ni zamu yako. Matokeo ni ya hakika!”

Nilisoma mara mbili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sarufi ilikuwa salama. Upatanisho wa ngeli ulikuwa sawa, na alama za uakifishaji zilikuwa mahali pake, labda ukiondoa wingi wa alama za mshangao. Kijana alisikiliza darasani. Hata hivyo, sikuweza kumwandikia kwamba kazi yake ni safi. Nilimwita ofisini, nikamwambia aje na daftari analoandikia uzani wa wateja wake.

Kabla sijaeleza tulichokiona humo, nikiri jambo. Miaka miwili iliyopita daktari aliniambia shinikizo langu la damu limepanda, nikajiandikisha katika mpango kama huo kwa mkufunzi mwingine ambaye tangazo lake liliahidi kilo 8. Mwezi ulipokwisha, mizani ilionyesha nimepungua kilo 2 kasorobo. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama mtahiniwa aliyefeli. Sikurudi. Wiki mbili baadaye daktari alinipima akafurahi: shinikizo lilikuwa limeshuka. Akaniuliza ninafanya nini ili niendelee nacho, na nikaona haya kumwambia kwamba nimeshaacha. Mimi mwenye shahada ya uzamifu, ninayefundisha watu kuchambua maneno, niliangushwa na neno moja dogo katika tangazo.

Neno hilo ni ‘hadi’.

‘Hadi’ huonyesha kikomo. Ukisema duka liko wazi kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, umeweka mwanzo na mwisho. Lakini ukisema “poteza hadi kilo 10,” umetaja dari bila kutaja sakafu. Aliyepungua kilo 9 yumo. Aliyepungua nusu kilo yumo. Hata ambaye hakupungua chochote huwezi kusema yuko nje ya sentensi hiyo. Msemaji hajasema uongo ambao unaweza kumshika nao, ilhali msikilizaji husikia nambari moja tu, kilo 10, na hiyo ndiyo anayoondoka nayo.

Nilimwuliza kijana hiyo 10 aliitoa wapi. Akacheka. “Hiyo ni ya kushika macho tu, Prof. Wote huandika hivyo.”

Basi tukafanya hesabu, ambayo mwenzangu wa fiziolojia alinifunza zamani tukinywa chai. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Kilo 10 ni kalori 77,000. Zigawe kwa siku 30, na kila siku mwili unapaswa kutumia zaidi ya kalori 2,500 kuliko unazokula. Sasa, mtu mzima asiyefanya kazi nzito hutumia baina ya kalori 1,800 na 2,500 kwa siku nzima, kulala, kutembea na kufikiri kukiwemo. Maana yake ni kwamba mteja huyu angekaa mwezi mzima bila kutia kitu kinywani, na bado hesabu isingetimia bila mazoezi juu yake. Kutembea kwa kasi saa nzima huongeza kalori 300 hivi. Tangazo lenyewe, kumbuka, linasema “bila kujinyima chakula.” Sentensi moja ina madai mawili ambayo hayawezi kuishi nyumba moja.

Na “yeyusha kitambi” je? Mafuta ya mwilini hayayeyuki kama samli kikaangoni. Mwili huyavunjavunja, na sehemu kubwa ya uzani wake hutoka kwa pumzi ikiwa hewa ya kaboni. Inayobaki huwa maji. Tena mwili ndio unaoamua uyachukue kutoka wapi. Ukifanya zoezi la tumbo kutwa, misuli ya tumbo itaimarika, lakini huwezi kuyaamuru mafuta yaondoke hapo kwanza. Wengine hupungua usoni na mikononi wakati kitambi bado kimekaa pale pale. Mkufunzi alilijua hilo vizuri. Alilisoma chuoni alikosomea kazi yake.

Tukafungua daftari. Lilikuwa na majina ya watu 17 walioanza mpango wake wa mwezi uliotangulia. Kumi na mmoja walimaliza. Mmoja alipungua kilo 6.2, wa pili 4.1, wa tatu 3.4. Watano walikuwa baina ya kilo 1.5 na 2.9. Mmoja alipungua kilo 0.9, mmoja hakusogea, na mmoja aliongezeka kilo 0.7. Nilimwambia awapange kama watoto wa shule kwenye gwaride, kuanzia aliyepungua zaidi, kisha amchague aliyesimama katikati kabisa. Wa sita alipungua kilo 2.3.

“Huyu,” nikamwambia, “ndiye mteja wako. Huyo wa 6.2 ni mgeni wako wa heshima.”

Hapa pana jambo la lugha ambalo wasemaji wa Kiswahili tunalipita bila kulitazama. Nomino zetu hazibebi kiambishi cha kuonyesha kama tunasema juu ya watu wote au baadhi yao. “Wateja wangu wamebadilika” inaweza kuwa wateja wote 17, au 11 waliomaliza, au watatu waliong’ara. Mzungumzaji akinyamaza, msikilizaji hujaza pengo mwenyewe, na kwa kawaida hulijaza kwa ‘wote’. Katika maongezi ya kila siku hatudhuriki, kwa sababu muktadha hutusaidia. Katika tangazo, muktadha wenyewe umetengenezwa na muuzaji. Kwa hivyo tangazo la kweli lazima litaje idadi: wangapi, kati ya wangapi.

Halafu kuna wale sita ambao hawakumaliza. Hawamo katika picha, hawamo katika ushuhuda, na katika daftari safu zao ni tupu baada ya wiki ya pili. Nilimwuliza walikwenda wapi. Wawili walihama, mmoja aliumia goti, na watatu walipotea tu. Mmoja wa hao watatu alikuwa amemwandikia ujumbe kabla hajaacha, na kijana akanisomea: “Kocha, nimepungua kilo moja tu. Nafikiri mwili wangu ndio mbaya.” Kilo moja kwa wiki mbili ni mwendo mzuri wa kupungua. Kilichomvunja mama huyo moyo si mwili wake bali nambari aliyopewa kabla hajaanza. Nilijua anavyojihisi. Nilikuwa nimeshatoka mlango ule ule.

Tukaja kwa picha. Alitaka kuweka pamoja picha mbili za yule aliyepungua kilo 6.2, ya kabla na ya baada. Mama mwenyewe alikuwa ameridhia, na hilo ni sharti la kwanza. Lakini ukizitazama kwa makini, picha ya kwanza ilipigwa jioni, baada ya chakula, mwanga ukitoka juu, mabega yakiwa yamelegea. Ya pili ilipigwa asubuhi karibu na dirisha, akiwa na nguo nyeusi inayobana, kifua mbele, tumbo limevutwa ndani. Nilimwambia kijana asimame dirishani nikampiga picha mbili kwa simu yangu, moja kwa mtindo wa kwanza na nyingine kwa mtindo wa pili. Ilinichukua dakika mbili na hakuwa amepungua hata gramu, lakini nilipomwonyesha alikaa kimya.

Picha ya kabla na baada huwa ushahidi pale tu ambapo kitu kimoja pekee kimebadilika. Saa iwe ile ile, nguo zile zile, umbali ule ule, mwanga ule ule, na tumbo liachwe lilivyo. Hata hapo, picha haisemi kila kitu. Mama huyu alianza akiwa na kilo 104, na mwenye uzani mkubwa kwa kawaida hupungua zaidi mwanzoni. Mwezi huo huo aliacha soda na akaanza kwenda kazini kwa miguu. Tena, nusu ya kilo zake, 3.1, zilitoka katika wiki ya kwanza.

Wiki ya kwanza ina siri yake. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, jumla yake nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza ugali, chapati na soda ghafla, akiba hutumika na maji yake huondoka. Mizani inaweza kushuka kilo moja na nusu au mbili kwa siku chache, huku mafuta yakiwa yamepungua kidogo tu. Ukirudia chakula chako, maji hurudi. Ndiyo sababu matangazo mengi hupenda kutaja “wiki ya kwanza tu”. Na ndiyo sababu wiki ya tatu, ambapo kazi ya kweli hufanyika polepole, huonekana kwa mteja kama usaliti.

Sasa turudi kwenye sarufi, kwani ndiko nilikopata dawa. Kiswahili kimempa mkufunzi viambishi na maneno ya kutosha kusema kweli. Tatizo ni kuvitumia mahali visipostahili. Madai yote katika tangazo la mazoezi ni ya aina tatu, na kila aina ina kauli yake.

Aina ya kwanza ni yale yaliyo mikononi mwa mkufunzi: vipindi vingapi, dakika ngapi, atafuatilia nini. Hapa -ta- ni halali. “Nitakuongoza kwa vipindi 16.” Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni, asipotimiza, mteja ana haki ya kudai.

Aina ya pili ni yaliyowatokea wengine. Haya hudai -li-, pamoja na idadi. “Watu 11 walimaliza, 9 walipungua.” Ni habari, na habari inaweza kukaguliwa daftarini. Ukiigeuza iwe “wateja wangu hupungua,” ile hu- imekwishageuza matukio ya mwezi mmoja kuwa desturi ya ulimwengu.

Aina ya tatu ni yatakayoupata mwili wa msikilizaji. Haya hayako mikononi mwa mkufunzi hata kidogo. Yanategemea umri, usingizi, dawa anazotumia mtu, chakula cha nyumbani kwake. Hapa -ta- ni deni la kukopea mali ya mwenzako. Neno lake ni ‘huenda’, na huenda yenyewe lazima iwe na pande mbili: huenda ukapungua, huenda usipungue. “Matokeo ni ya hakika” haina nafasi katika aina yoyote kati ya hizo tatu.

Kijana aliuliza kama hawezi kuacha tangazo lilivyo kisha aweke chini, kwa maandishi madogo, “Matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu.” Sentensi hiyo ni tafsiri ya kinga iliyozoeleka Marekani, na huko kwenyewe ilishapoteza nguvu. Mwaka 2009 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilibadili mwongozo wake kuhusu ushuhuda wa wateja. Tangu hapo, anayeonyesha mteja aliyefaulu kupita kiasi hatakiwi kujificha nyuma ya kijisentensi hicho. Anapaswa kueleza wazi matokeo ambayo mteja wa kawaida anaweza kuyatarajia. Nasi hapa hatuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na anachonunua, na Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Kijana hakuwa amewahi kufikiri kwamba video ya dakika moja ni maelezo mbele ya sheria.

Tuliketi hadi magharibi tukiandika upya. Haya ndiyo tuliyokubaliana, naye atayasema kwa sauti yake mwenyewe kwa takriban dakika moja:

“Mimi ni mkufunzi wa mazoezi. Kwa siku 30 nitakuongoza katika vipindi 16 vya dakika 45, na kila Jumapili nitapitia nawe ulichokula wiki hiyo. Mwezi uliopita watu 17 walianza, 11 walimaliza. Kati ya hao 11, tisa walipungua uzani, mmoja hakubadilika, mmoja aliongezeka kidogo. Wa katikati alipungua kilo 2.3. Mama unayemwona hapa alipungua kilo 6.2. Alianza na kilo 104, akaacha soda, akatembea kwenda kazini, na ndiye aliyepungua kuliko wote. Usimfanye kipimo chako. Wewe huenda ukapungua kilo 1 hadi 3, huenda usipungue. Kilo za wiki ya kwanza nyingine ni maji. Siwezi kukuchagulia mafuta yatoke wapi. Ila wote 11 waliomaliza waliinuka kitini mara nyingi zaidi kwa sekunde 30 kuliko siku ya kwanza. Ukiacha baada ya mwezi, uzani unaweza kurudi. Kama una mimba, kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya kifua, mwone daktari kwanza. Kipindi cha kwanza hulipi. Njoo uone.”

Msomaji ataona kwamba ‘hadi’ imebaki. Haina kosa ikipewa mwanzo wake. “Kilo 1 hadi 3” ni masafa ambayo watano kati ya 11 waliyafikia, watatu wakiwa juu yake na watatu chini.

Ile sentensi ya kuinuka kitini niliisisitiza mimi, na sababu yake ni mtu mmoja daftarini. Ni yule aliyeongezeka kilo 0.7, mwalimu mstaafu mwenye miaka 61. Siku ya kwanza aliketi na kusimama mara 11 kwa nusu dakika. Siku ya mwisho mara 15. Katika wiki za mwanzo nguvu za namna hii hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuitumia misuli iliyopo, kabla misuli yenyewe haijakua sana. Kwa hivyo ni badiliko ambalo mwezi mmoja unaweza kulionyesha hata mizani ikikataa. Kwa kipimo cha tangazo la kwanza, mzee huyu alifeli kuliko wote. Kwa kipimo cha anayepanda ngazi za nyumba yake kila jioni, hakufeli.

Kijana hakuridhika kabisa, na sitamdhihaki kwa hilo. “Prof, jirani yangu ataandika kilo 10, mimi niandike 2.3. Kodi nitalipa na nini?” Ni swali la haki, na sikuwa na jibu la kumlipia kodi. Nilimwambia tu ahesabu upya daftari lake. Kati ya 17, watatu waliacha bila sababu ya safari wala jeraha, na angalau mmoja aliacha kwa sababu alikuwa akifaulu bila kujua kwamba anafaulu. Aliyeambiwa kilo 2.3 akapata 2 hulipia mwezi wa pili. Aliyeambiwa 10 akapata 2 huenda kutafuta tangazo jingine, au huketi nyumbani akiulaumu mwili wake. Nalijua hilo, maana nilikuwa mmoja wao.

Aliondoka akasema atairekodi kama ilivyo, isipokuwa ataongeza alama moja ya mshangao mwishoni, baada ya “Njoo uone.” Nikamruhusu. Mimi mwenyewe nimejiandikisha kwa kipindi chake cha Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na nimemwomba aandike mara ninazoinuka kitini kabla hajanipandisha kwenye mizani.